Tupeane uzoefu: gari ya manyuo inawasha taa zote lakini stata haisemi kitu, kumbe ni swichi ya klachi

Mvuka Kamanga (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Wiki mbili zilizopita nilikuwa natoka Sengerema na pikapu yangu, nimepanda kivuko cha Kamanga, nimepangwa safu ya katikati. Tumefika upande wa Mwanza, mlango umeshushwa, magari ya mbele yametoka. Mimi nakanyaga klachi, nazungusha ufunguo, kimya. Si kwamba stata ilizunguka kwa uchovu, hapana, haikutoa hata "ko". Taa za dashibodi zinawaka vizuri na redio inaimba. Nyuma yangu fuso inapiga honi kama mimi ndiye nimeamua kulala pale.

Vijana sita walinisukuma hadi nchi kavu kwa 10,000. Tulipofika pa tambarare nikaweka gia ya pili, wakasukuma tena, nikaachia klachi, ikawaka. Nikaenda moja kwa moja kwa fundi mjini. Akauliza swali moja tu: "Imesukumwa ikawaka?" Nikasema ndiyo. Akasema basi stata imekufa, nilete 180,000 aniwekee iliyotumika. Nikamwambia ngoja nikatafute hela. Nilipoingia kwenye gari ili niondoke, ikawaka kwa ufunguo palepale, mara ya kwanza!

Hapo ndipo nilipoanza kuwa na mashaka. Jirani yangu hapa Buhongwa si fundi, ila ana macho. Alilala chali sakafuni kwa dereva akiwa na tochi ya simu, akainuka na vipande vya plastiki mkononi, vimekauka na kuvunjika kama ganda la yai. Vilikuwa kwenye kapeti chini ya pedali. Juu kwenye mkono wa pedali ya klachi kuna tundu, na hicho kiplastiki ndicho kilichokuwa kimeziba tundu hilo. Ukikanyaga hadi mwisho, kiplastiki kinabonyeza kitufe cha swichi, ndipo stata inaruhusiwa kuzunguka. Kwangu kilikuwa kimebaki kipande upande mmoja. Siku kikigusa kitufe gari inawaka, siku kitufe kikipenya tundu, kimya.

Tuliweka bolti fupi ya kichwa kipana na nati kwenye lile tundu. Gharama 500. Hadi leo haijanigomea. Nani mwingine yamemkuta? Mlijuaje kuwa ni swichi na si stata?

Mama Mbili wa Nyegezi

Pole kaka. Mimi langu linachekesha zaidi. Nilichukua gari ya baba watoto asubuhi kupeleka watoto shule, haikuwaka kabisa. Nikampigia simu akiwa safarini, akaniuliza umekanyaga klachi? Nikasema nimekanyaga. Akaniuliza umekanyaga MPAKA CHINI? Nikakasirika, nikamwambia mimi si mtoto.

Yeye ni mrefu, kiti amekirudisha nyuma, na siku hiyo nilikuwa na haraka sikukivuta mbele. Nilikuwa naishia kama vidole viwili kabla ya mwisho. Ndani ya gari pia alikuwa ameongeza kapeti la pili juu ya lile la kwanza kwa ajili ya matope, limejikunja chini ya pedali. Nilivuta kiti, nikatoa lile kapeti, nikakanyaga kwa kisigino, ikawaka. Sikumpigia tena kumwambia.

Kijana wa Mlango Mmoja

Hata pikipiki yangu ina hii kitu. Ikiwa kwenye gia haiwaki mpaka nibane klachi ya mkono. Ilisumbua, nikapuliza kwenye kile kiswichi cha mkononi na kutia mafuta kidogo, ikapona. Nyie wa magari mnapenda kulialia.

Mzee Diseli

Kijana, sisi tunaongelea pedali. Ila wazo lenyewe ni lilelile, sikukatalii.

Sauti ya Kisesa

Nami nina swali hapohapo. Yangu ni otomatiki, ikiwa kwenye P haiwaki, nikisogeza N inawaka. Ni swichi ya klachi?

Fundi Umeme Igoma

Dada/kaka, otomatiki haina pedali ya klachi. Yako ina swichi kwenye gia yenyewe inayojua uko P au N, au waya wake wa kuunganishia gia umelegea. Fungua uzi wako, nitakuja.

Kwa mleta mada: yule fundi wa 180,000 alikosea mahali pamoja, na kosa hilo nalikuta kila wiki. Gari kuwaka kwa kusukumwa hakusemi chochote kuhusu stata. Swichi ya klachi ikifa, stata haipati amri. Stata ikifa, inapata amri na haifanyi kazi. Kote kuwili ukisukuma, injini inawaka, kwa sababu kusukuma kunairuka stata yenyewe pamoja na swichi.

Dereva anaweza kuanza kutenganisha mwenyewe akiwa kwenye kiti. Weka nyutro, vuta hendibreki, washa taa kubwa za mbele, kanyaga klachi hadi mwisho halafu zungusha ufunguo huku ukitazama mwanga ukutani. Taa zikififia sana na ukasikia "tik-tik-tik" ya haraka, angalia betri na vichwa vyake. Ukisikia "ko" moja nzito halafu kimya, amri imefika kwenye stata, shida iko kulekule kwenye stata au nyaya zake nene. Taa zikibaki kali kama hakuna kilichotokea, na hakuna mlio wowote, basi kuna uwezekano mkubwa amri haikufika. Hapo swichi ya klachi ni mshukiwa, pamoja na fyuzi, rilei na swichi ya ufunguo. Na kama kuna taa ya ufunguo inapepesa kwenye dashibodi, usiende kwenye pedali kwanza, huenda gari haiutambui ufunguo.

Dereva wa Dagaa

Fundi yuko sawa lakini anazungusha. Swichi iko juu ya pedali, inagusa pedali ikiwa imepanda. Ina nati mbili. Legeza, isogeze chini kidogo, kaza. Mimi nilifanya hivyo kwenye canter.

Fundi Umeme Igoma

Na ikawaka?

Dereva wa Dagaa

Haikuwaka siku ile. Baadaye ikawaka.

Fundi Umeme Igoma

Ndiyo nilivyodhani 😄. Magari mengi yana swichi mbili kwenye pedali hiyohiyo. Ya kwanza inaguswa pedali ikiwa juu, mguu haupo, na hiyo inaiambia kompyuta ya injini kwamba umeanza kukanyaga. Ya pili inaguswa pedali ikifika chini kabisa. Ya stata ndiyo hii ya pili. Ulirekebisha ya kwanza. Ukiisogeza hovyo unaweza kuona mlio wa injini unapanda wenyewe ukibadilisha gia, kwa sababu kompyuta haijui mguu uko wapi.

Namna ya kuijua bila kubahatisha: mtu mmoja alale chini akiwa na tochi, mwingine akanyage polepole. Tazama kitufe kipi kinabonyezwa mwishoni. Kama hakuna kinachokifikia, au kinapenya kwenye tundu kama la mleta mada, umeshapata. Sasa aliyelala chini abonyeze kitufe hicho kwa kidole, na mwingine azungushe ufunguo. Gari IWE NYUTRO, nasisitiza, itikise gia kushoto na kulia kwanza uhakikishe. Stata ikizunguka kwa kidole lakini haizunguki kwa mguu, swichi ni nzima, kilichokufa ni kile kiplastiki. Isipozunguka hata kwa kidole, chomoa plagi yake.

Mvuka Kamanga

Tukishachomoa tunapima nini? Nina mita ndogo ya Wachina.

Fundi Umeme Igoma

Inatosha. Ufunguo uzimwe. Weka mita kwenye alama ya mlio, gusa pini mbili za swichi yenyewe, si za upande wa nyaya. Kitufe kikiwa nje isipige mlio, ukikibonyeza ipige. Ikipiga muda wote au isipopiga kabisa, nunua swichi. Ikipiga vizuri kila ukibonyeza, swichi haina kosa, acha kuisumbua. Tazama plagi kama ina kutu ya kijani, hasa kwa wenye magari yanayolala mwaloni.

Nisiyoweza kukupa ni jibu la magari yote. Mengine swichi inapitisha umeme kwenda rilei, mengine inapeleka athi. Kwa hiyo kipimo cha volti kwenye plagi kitakuchanganya usipokuwa na mchoro wa gari yako.

Mzee Diseli

Kipimo cha mwisho ni waya mwembamba wa stata. Testa ya taa, mwenzio akiwa amezungusha ufunguo na klachi chini. Taa ikiwaka pale na stata haizunguki, hapo ndipo ukatafute ile 180,000. Isipowaka, fundi anayekuuzia stata anakuibia au hajui.

Dereva wa Dagaa

Yote hayo ya nini? Mimi nilikata nyaya mbili za swichi nikaziunganisha. Mwaka wa pili huu, nawasha bila hata kukanyaga. Usiku Kirumba nikiwa na dagaa wabichi nyuma sina muda wa kulala chali.

Mama Mbili wa Nyegezi

Kaka, na siku mtoto akizungusha ufunguo gari ikiwa kwenye gia?

Dereva wa Dagaa

Watoto hawapandi canter yangu.

Mzee Diseli

Pikapu yangu ya zamani haikuwahi kuwa na swichi hiyo, na nimeendesha miaka 20. Lakini nilijua haina. Shida ya kuunganisha ni siku utakapomwazima mtu gari. Yeye kazoea kwamba bila klachi haiwaki, wewe umeegesha kwenye gia pale mteremko wa Bugando. Akigusa ufunguo, gari inaruka mbele.

Fundi Umeme Igoma

Kwa dharura, kukurudisha nyumbani, sina ugomvi. Waya mfupi kwenye plagi, bila kukata kitu, kesho unatoa. Kukata nyaya ndiko nisikokubali, ila najua nusu ya canter za mwaloni ziko hivyo.

Mvuka Kamanga

Swali langu la mwisho, fundi. Ile bolti niiache au nitafute kiplastiki chake?

Fundi Umeme Igoma

Bolti ni ngumu kuliko plastiki. Angalia isiwe ndefu ikabonyeza kitufe hadi kikandamizwe kupita kiasi, utaivunja swichi. Na nati ilegee siku moja ikudondokee chini ya breki? Sijawahi kuona, lakini kaza vizuri. Kiplastiki ukikipata kwenye gari iliyokatwa, kiangalie kwanza kwa kukikunja, cha umri uleule kitavunjika mkononi mwako.

Sauti ya Kisesa

Nimefungua uzi wangu. Fundi, nakusubiri.