"Taarifa ya fedha ilisomwa na kupokelewa": taarifa IPI? Muhtasari wa AMCOS yetu umetuacha hatuna pa kushika

Mkulima wa Newala:

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Mimi ni mwanachama wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho huku Newala. Jina la chama naliacha, suala bado liko kwa wakubwa.

Kwenye mkutano mkuu wa mwaka mhasibu alitusomea taarifa ya fedha. Alipofika kwenye unyaufu alisoma kilo 1,150, kwa bei ya shilingi 2,900 kwa kilo, jumla 3,335,000. Tuliguna kidogo, lakini korosho ikikaa ghalani lazima ipungue uzito, tukakubali. Mwisho akasema mwaka umefungwa kwa ziada ya 4,120,000. Niliandika kwenye daftari langu, na walioandika hatukuwa wachache.

Juzi nimeomba faili la mikutano nisome. Taarifa iliyowekwa nyuma ya muhtasari inasema unyaufu ni kilo 3,450, shilingi 10,005,000. Mara tatu ya tulichosomewa! Ziada haipo tena, sasa eti tuna upungufu wa 2,550,000. Nikamuuliza katibu, akanijibu, "Hiyo ndiyo mliyosomewa." Nikarudi kwenye muhtasari wenyewe nimwonyeshe. Ajenda ya tano yote ni sentensi moja: "Taarifa ya fedha ilisomwa na kupokelewa na wajumbe." Basi! Hakuna tarehe ya taarifa, hakuna idadi ya kurasa, hakuna aliyeisoma, hakuna popote palipoandikwa kiambatisho. Kurasa saba zimebanwa kwa pini, na juu ya ukurasa wa kwanza hakuna alama yoyote inayozifunga na mkutano wetu. Mtu akichomoa pini, akatoa ukurasa na kuingiza mwingine, muhtasari unabaki vilevile, wala hausomeki kuwa na kasoro.

Na aliyebadilisha hakumaliza kazi. Ukurasa wa 2 wenye mapato na matumizi una tarakimu mpya, na wa 5 wenye maelezo ya unyaufu pia. Lakini ukurasa wa 3, mizania, bado unaonyesha ziada ya mwaka 4,120,000. Tofauti kati ya ziada ile na upungufu huu ni 6,670,000. Igawe kwa 2,900, unapata kilo 2,300, ndizo zilezile zilizoongezwa kwenye unyaufu. Hesabu inajisema yenyewe, ila muhtasari wenye saini ya mwenyekiti hausemi kitu. Hiyo ni jasho ya watu waliopulizia, wakaokota na kubeba magunia hadi ghalani. Nani anajua hapa tunafanyaje?

Salfa Kwanza:

Pole mkuu. Hata sisi huku Masasi mgao wa salfa umetuchelewesha, mikorosho ikapigwa na ubwiriunga, na ukiuliza unaambiwa subiri. Viongozi wa vyama wote ni walewale.

Mkulima wa Newala:

Ndugu yangu, pole kwa hilo, lakini hapa nauliza kuhusu muhtasari na taarifa iliyobadilishwa. Salfa ifungulie uzi wake, tutakuja kukuunga mkono.

Binti Mchinga:

Kaka, sisi kikundi chetu cha kukopeshana huku Lindi tulishaumizwa hivyohivyo. Dawa tuliyoipata, mweka hazina akisoma hesabu, mwandishi anainakili yote kwa mkono ndani ya daftari la muhtasari, mstari kwa mstari. Hakuna karatasi ya pembeni, kwa hiyo hakuna cha kuchomoa. Mdai katibu wenu aandike hivyo.

Karani Mstaafu:

Kwa kikundi cha watu ishirini wenye ukurasa mmoja wa hesabu, mwanangu, njia hiyo inafaa. Kwa AMCOS yenye taarifa ya kurasa saba inaleta shida nyingine. Anayenakili kwa mkono atakosea tarakimu mahali, halafu mnakuwa na hati mbili zinazogombana, na kila upande unashika inayoufaa.

Mkulima, nimeandika mihtasari ya vikao vya halmashauri miaka mingi. Kosa liko kwenye hiyo sentensi moja. Hati ikiwekwa mezani, mwandishi lazima aiandike kwa namna ambayo mtu ambaye hakuwepo, miaka mitano baadaye, anaweza kuitambua hiyo hati na isiwe nyingine. Kwa hesabu zenu kumbukumbu ingesomeka hivi:

"Mhasibu aliwasilisha Taarifa ya Mapato na Matumizi pamoja na Mizania ya mwaka, kurasa 7, hesabu ambazo hazijakaguliwa, iliyosainiwa naye tarehe fulani. Nakala ziligawiwa ukumbini, hazikutumwa kabla ya mkutano. Taarifa ilionyesha unyaufu wa kilo 1,150 wenye thamani ya shilingi 3,335,000 na ziada ya mwaka ya shilingi 4,120,000. Azimio: Mkutano umepokea taarifa. Imeambatishwa kama Kiambatisho C."

Angalia zile tarakimu tatu katikati. Hizo ndizo kigingi. Huhitaji kunakili taarifa nzima. Unachukua majumla machache ambayo mtu akigusa ukurasa wowote wa kiambatisho lazima yayumbe. Kilo za unyaufu zikibadilishwa kwenye kiambatisho, ziada haiwezi tena kulingana na iliyo ndani ya muhtasari.

Kisha unaenda kwenye kiambatisho chenyewe. Juu ya ukurasa wa kwanza kuliani andika: "Kiambatisho C, Mkutano Mkuu wa Mwaka, tarehe, Ajenda ya 5." Kila ukurasa uwe na namba ya aina ya "3 kati ya 7", na saini ndogo ya mwenyekiti na ya katibu. Ukurasa mpya ukiingizwa unatakiwa uwe na saini hizo mbili, na hapo ndipo aliyebadilisha anapokwama. Mwisho wa muhtasari, kabla ya saini, weka orodha ya viambatisho: A ni mahudhurio, B ni taarifa ya bodi, C ni hesabu, na kila kimoja kina kurasa ngapi.

Mwandishi wa Tandahimba:

Shikamoo mzee. Naheshimu, lakini mimi ndiye ninayeandika mihtasari ya chama chetu na nasema mnatuonea. Taarifa inaletwa asubuhi ya mkutano, wakati mwingine bado ni rasimu yenye masahihisho ya kalamu. Wanachama mia tatu, mashine ya fotokopi moja, umeme ukikatika ndiyo basi. Halafu mjumbe anasimama anasema tarakimu hii si sahihi, mhasibu anakubali, anarekebisha palepale. Kesho yake ananiletea nakala safi iliyochapwa upya, naambatisha hiyo. Huo si wizi. Na hata hivyo COASCO wanakuja kukagua, uongo wote utaonekana huko.

Karani Mstaafu:

Marahaba. Sijasema wewe ni mwizi. Ila hiyo nakala safi ya kesho yake ndiyo mlango wenyewe. Mkutano haukuiona. Taarifa ikirekebishwa ukumbini, andika kwenye muhtasari nani alihoji, tarakimu ilikuwa ngapi na imekuwa ngapi, na kwamba mkutano ulikubali. Kisha ambatisha ile ya mezani yenye kalamu yake, iite C1, na ile safi iite C2. Usiitupe C1 kwa sababu ni chafu. Uchafu wake ndio unaoonyesha kilichotokea.

Kuhusu COASCO uko sahihi nusu. Mkaguzi analinganisha hesabu na vocha, leja, karatasi za mizani na nyaraka za ghala. Anaweza kugundua kwamba kilo 3,450 hazina ushahidi. Mihtasari pia anaisoma, aone mkutano ulikubali nini. Sasa akikuta "ilisomwa na kupokelewa", na nyuma yake taarifa yenye 3,450, ataamini wanachama waliziona hizo kilo wakanyamaza. Muhtasari mbovu unampotosha hata mkaguzi mwema.

Mkulima wa Newala:

Mzee, hapo ndipo ninapoungua. Katibu anasema tumeshapokea, kwa hiyo tumeshakubali, na hatuna haki ya kuuliza tena.

Karani Mstaafu:

Asikutishe. Kupokea ni kusema hati imetufikia mezani. Kuidhinisha ni kusema tumekubali yaliyomo. Mwandishi makini anaandika lipi kati ya hayo mkutano ulifanya, na kama kuna mjumbe aliyepinga anamwandika. Kwa sentensi yenu ilivyo, hesabu zile zimepokelewa tu. Azimio la kuziidhinisha halipo.

Kingine, muhtasari wa mkutano mkuu unathibitishwa kwenye mkutano mkuu unaofuata. Wenu umeshathibitishwa?

Mkulima wa Newala:

Bado. Una saini za mwenyekiti na katibu, lakini mkutano mwingine haujaitishwa.

Mwandishi wa Tandahimba:

Kama una saini si umeshafungwa? Kwetu mwenyekiti akisaini hatugusi tena.

Karani Mstaafu:

Msiuguse kweli. Hakuna kufuta, hakuna kuchomeka karatasi nyingine, hata kama ile iliyomo ni ya uongo. Kwenye ajenda ya kuthibitisha muhtasari mjumbe anasimama, anataja namba ya kumbukumbu, anaomba marekebisho. Mkutano ukikubali, marekebisho yanaandikwa ndani ya muhtasari mpya, na ule wa zamani unabaki kama ulivyo. Kwenu ombi liwe kwamba kumbukumbu ya ajenda ya tano itaje taarifa iliyosomwa, idadi ya kurasa na majumla yake.

Binti Mchinga:

Na kama kuna mtu alirekodi kwa simu? Si hapo wamekamatwa?

Karani Mstaafu:

Inasaidia kukumbusha watu kabla ya kupiga kura ya marekebisho. Kama itakubalika mbele ya afisa ushirika au zaidi ya hapo, sitasema kwa uhakika.

Mwandishi wa Tandahimba:

Mimi bado nasema inawezekana mhasibu alipata karatasi za mizani kwa kuchelewa, akarekebisha kwa nia njema. Unyaufu unahesabiwa mzigo ukishatoka ghalani.

Mkulima wa Newala:

Ikiwa ni hivyo, kwa nini aliacha mizania na ziada ya zamani? Na kwa nini hakuandika tarehe ya marekebisho? Mtu wa nia njema anakuja mkutanoni anasema hesabu ile ilikuwa na kasoro, hii hapa mpya. Haingizi karatasi nyuma ya mgongo wa wanachama halafu akawaambia ndiyo mliyosomewa.

Nimeshaandika barua kwa bodi, nakala kwa afisa ushirika wa wilaya. Naomba faili lisiguswe, kurasa zote saba zigongwe mhuri na zisainiwe zilivyo leo, pamoja na ule ukurasa wa 3 unaozikana zingine. Naomba karatasi za mizani za ghalani zinazothibitisha kilo 3,450, maana kama zipo zina tarehe na namba. Na wenzangu walioandika 1,150 kwenye madaftari yao nimewaomba wasaini orodha, kila mtu kwa mwandiko wake. Mzee Karani, kama kuna kitu nimekisahau kwenye barua niambie leo, kesho asubuhi naipeleka kwa mkono na nataka nakala yangu igongwe mhuri wa kupokelewa.

Karani Mstaafu:

Kimoja. Andika na namba za kurasa kwenye barua yako, na orodha ya unavyoambatisha.