Resolve, Premiere au CapCut kwa majina yanayoteleza bila kushtuka? Nataka kuamua wiki hii

Mpigapicha_Moro
Wakuu, habari za jioni. Nahariri harusi na mahojiano, na nimechoka na majina yanayotokea tu pap kwenye skrini. Nataka jina na cheo cha mtu viteleze, vitulie, kisha vitoke, na kichwa cha video nacho kiende hivyo hivyo. Nikiweka vifremu mwenyewe, zile alama za wapi maandishi yaanzie na wapi yafike, yanafika na kusimama kama yamegonga ukuta. Nimebakiwa na DaVinci Resolve ya bure, Premiere ya kulipia kila mwezi, au CapCut ya kompyuta. Ipi ina vifremu laini kuliko zote?

Dogo_Klipu
CapCut, mkuu, usijitese. Bonyeza maandishi, nenda Animation, chagua ya kuingia na ya kutoka, vuta muda, umemaliza. Vifremu vya nini tena?

Mama_Taimlaini
Mwanangu, hujasema chochote cha kutuwezesha kukujibu. Mashine ina RAM kiasi gani? Ina kadi ya picha ya peke yake? Taimlaini yako ni fremu ngapi kwa sekunde na faili unalitoa kwa ngapi? Na huo mshtuko unauona unapocheza ndani ya programu tu, au hata kwenye faili lililokwisha kutoka? Hayo ni magonjwa mawili, na dawa zake ni tofauti.

Mwinjilisti_K
Bwana asifiwe. Mimi nafanya kwa mkono kwenye mahubiri, nasikiliza, nasimamisha, naandika. Kwa saa moja ya mahubiri inachukua siku nzima. Kama kuna programu inayoandika Kiswahili yenyewe nami naomba jina lake.

Dogo_Klipu
Mtumishi, hayo ni manukuu. Mwenzetu anauliza majina ya watu.

Mpigapicha_Moro
Samahani Mama. Laptopu ina RAM 8, kadi ya picha ni ile ya ndani. Sasa hivi natumia CapCut ya simu. Kamera inarekodi fremu 25, lakini msaidizi wangu anarekodi kwa simu, 30. Taimlaini nimeacha 30. Kazi za mahojiano zinakwenda kwenye runinga moja ya mkoani, wao wanataka 25, kwa hiyo nikitoa faili nabadilisha hapo mwisho. Mshtuko upo hata kwenye faili.

Kijana_wa_Premiere
Lipia Premiere, bosi, ndiyo ya kazi. Siri ni moja: kifremu cha kwanza unakibonyeza kulia, Temporal Interpolation, Ease In. Jina linaingia laini kama mafuta. Resolve kwenye vifremu bado sana.

Mama_Taimlaini
Kijana, nusu yako ni kweli. Kwenye Premiere, Ease In ni kwa mwendo unaokiingia kifremu hicho. Kifremu cha kwanza hakina kitu nyuma yake, kwa hiyo ukiweka pale huoni badiliko lolote. Iweke kwenye kile cha pili, pale jina linapotua. Hiyo ndiyo inaondoa kugonga ukuta.

Moro, nikufanyie hesabu uone kinachotokea. Jina linasafiri pikseli 500 kwa fremu 10. Bila mkunjo, kila fremu linaruka pikseli 50, hadi ya kumi, halafu sifuri. Jicho linaona breki hiyo. Ukiweka mkunjo wa kupunguza mwendo, fremu ya kwanza linaruka 95, inayofuata 85, kisha 75, linashuka hivyo hivyo hadi fremu ya mwisho linasogea 5 tu. Safari ni ile ile, muda ni ule ule, ila sasa linatua. Likitoka unageuza: linaanza polepole na kuondoka kwa kasi.

Mkunjo huo unaupata kwenye zote ulizotaja. Resolve, unafungua grafu ya mkunjo chini ya klipu, unachagua kifremu cha mwisho, unakigeuza kiwe cha mkunjo na kuvuta mkono wake. Hata CapCut ya simu unayotumia sasa, gusa katikati ya vifremu viwili utaona Graphs. Kwa hiyo ulaini peke yake usikutoe pesa.

Halafu hiyo 30 kwenda 25. Programu inatupa fremu moja katika kila sita. Jina linapotembea, kila inapotupwa fremu, pengo linakuwa maradufu, na hiyo ni mara tano kwa sekunde. Hakuna mkunjo utakaoficha. Kazi ya runinga, weka taimlaini 25 kabla hujaingiza hata klipu moja. Video za simu za msaidizi ndizo zitakazopoteza fremu, lakini maandishi yatachorwa upya kwa 25 na yatakuwa safi. Kuhakikisha, fungua faili, tembea fremu moja moja kwa mshale wa kibodi. Hatua zikipungua kwa mpangilio, uko sawa. Ukiona ruka kubwa katikati ya ndogo, fremu imetupwa.

Mpigapicha_Moro
Aisee. Kumbe nilikuwa nalaumu vifremu bure. Kwa hiyo nibaki na CapCut?

Binti_wa_Chumbageni
Shikamoo Mama. Moro, kabla hujabaki popote soma haya, maana ulaini si tatizo kubwa. Tatizo ni urefu wa klipu.

Nilikuwa nahariri kwenye studio moja, sitaitaja. Tukapewa mahafali. Wahitimu wengi, kila mmoja na jina lake na kozi yake, halafu wageni rasmi na vyeo virefu. Bosi alikuwa na kiolezo cha jina kimoja kizuri sana, kimetengenezwa kwa sekunde 5: linaingia, linakaa, linatoka. Kazi yangu ikawa kunakili na kubadilisha maandishi. Ikaanza vizuri. Kisha akaja mgeni rasmi anayeongea, jina lake likatakiwa kukaa sekunde 9. Nikavuta mwisho wa klipu. Jina likatoka kwenye sekunde ya 5 kama kawaida, na sekunde 4 zilizobaki hakuna kitu. Wahitimu wanaopita haraka, sekunde 3 kila mmoja, nikakata mwisho. Jina linaingia kwa madaha halafu linapotea ghafla, kwa sababu vifremu vya kutoka vilikuwa kwenye kipande nilichokikata.

Bosi akasema punguza kasi ya klipu. Nikafanya, na sasa mwendo wenyewe ukavutika: kuingia kulikochukua nusu sekunde kukachukua karibu sekunde nzima. Kila jina na kasi yake, video nzima ikaonekana imehaririwa na watu tofauti. Tulikesha tukisogeza vifremu kwa mkono, jina moja baada ya jingine, na mkuu wa chuo akaenda hewani na jina linalotoka kabla hajafungua mdomo. Mteja alikata malipo, na bosi akakata ya kwangu.

Ndiyo maana nasema, uliza programu inafanya nini ukirefusha klipu. Premiere ina Responsive Design - Time: unatenga mwanzo na mwisho wa maandishi, ukivuta klipu katikati tu ndiyo inarefuka. Resolve ina Keyframe Stretcher ndani ya Fusion, ule ukurasa wake wa madoido, kazi ni hiyo hiyo. Na animesheni za CapCut alizosema Dogo, zile za kuingia na kutoka, zimefungwa kwenye ncha za klipu, ukikata mwisho zinakufuata. Vifremu vya kuweka mwenyewe ndivyo vinavyobaki nyuma.

Dogo_Klipu
Asante dada. Niliposema mkanicheka.

Mama_Taimlaini
Marahaba Binti. Hakuna aliyekucheka, Dogo. Ila animesheni zake hazikupi mkono kwenye mkunjo, na kila mtu mjini anazo zile zile.

Moro, Fusion kwenye RAM 8 itakulia chuma. Wenyewe Resolve wanashauri 16, na zaidi ukiingia Fusion. Kuna njia ya kimaskini inayofanya kazi popote. Tengeneza jina vipande viwili. Cha kwanza kina vifremu vya kuingia tu, mwanzoni kabisa. Cha pili kina vya kutoka tu, kifupi, unakibandika mwisho. Ukitaka jina likae zaidi unarefusha cha kwanza, maana mwisho wake hauna kitu kinachotembea, na cha pili unakisogeza. Kurekebisha jina utafanya mara mbili, hiyo ndiyo gharama yake.

Kijana_wa_Premiere
Sawa Mama, nimeelewa ya Ease In. Lakini mimi jina langu likitulia linaelea kidogo, linarudi nyuma pikseli chache kisha linakuja. Nimeweka Position ile ile kwenye kifremu cha pili na cha tatu. Hiyo je?

Mama_Taimlaini
Hiyo ni njia, si kasi. Premiere inakunja njia ya Position yenyewe, kwa hiyo kati ya vifremu viwili vyenye namba sawa inaweza kuchora kitanzi kidogo. Chagua vifremu vyote vya Position, Spatial Interpolation, Linear. Mkunjo wa kasi unabaki, kitanzi kinaondoka.

Pengwini_Arusha
Nashangaa hakuna aliyetaja Kdenlive. Bure, haidai akaunti, inakwenda kwenye mashine yangu kuukuu. Maandishi kwenye titler, weka Transform, vifremu, badilisha kutoka Linear kwenda Smooth. Hizi za kulipia ni utumwa.

Dogo_Klipu
Ile inayojifunga yenyewe katikati ya kazi?

Pengwini_Arusha
Inajifunga kwa wasiohifadhi. Na Smooth yake ina tabia moja nikiri: ukiwa na vifremu vitatu inaweza kupitiliza kidogo pale katikati. Unaongeza kimoja, inatulia.

Binti_wa_Chumbageni
Moro, jambo jingine. Jina lisianzie nje ya skrini kabisa. Lisogeze pikseli 60 tu huku Opacity ikipanda kutoka 0 hadi 100, fremu 12 hivi. Safari ikiwa fupi hata mashine dhaifu haikuumbui. Pikseli 500 ni za kichwa cha video, si za jina la shangazi.

Mpigapicha_Moro
Shangazi kwenye harusi ndiye anayelalamika jina halijasomeka 😂 Nimejaribu vipande viwili vya Mama kwenye taimlaini ya 25, kuingia ni safi. Kutoka bado sijaridhika. Naona nipakue Resolve nione kama itafunguka, bila Fusion.

Kijana_wa_Premiere
Jaribu mwezi mmoja Premiere kwanza.

Pengwini_Arusha
Au usilipe.

Mwinjilisti_K
Na majina kwenye harusi ni ya lazima? Wageni wote wanajuana.

Binti_wa_Chumbageni
Mtumishi, upande wa bwana harusi hawawajui wa bibi harusi. Subiri video ifike Muscat kwa ndugu ndipo utaulizwa huyu mwenye kilemba ni nani.

Dogo_Klipu
Tukiwa hapo hapo, fonti gani mnatumia? Zile za mwandiko, mistari myembamba inametameta jina likitembea.

Mama_Taimlaini
Nene, isiyo na mikia. Mstari mwembamba wa pikseli moja ukitembea polepole unaingia na kutoka kwenye pikseli, ndiyo huko kumetameta.

Dogo_Klipu
Maharusi wanataka ya mwandiko lakini. Nani ana moja nene inayosomeka?