Tupeane uzoefu: penseli ya mdomo na tinti, ya nani inavuka pilau na soda?

Mama Nasra
Wapendwa habari za leo. Mwezi ujao mimi ndiye matroni wa rafiki yangu, na ukumbini tunaingia saa moja jioni mpaka saa sita usiku. Kuna kulishana keki, kugonganisha glasi, kisha pilau na kuku, na meza kuu inapigwa picha muda wote. Gauni ni krimu, mdomo nataka damu ya mzee. Shida yangu ni moja: nikila, katikati inatoka yote, pembeni linabaki duara la penseli. Wenye uzoefu, mnafanyaje?

Kidoti
Mimi nakaa kaunta na naongea na wateja kutwa. Nachora kwa wanja wa kahawia, juu lipshaina, basi. Lipshaina inafunika ile rangi isitoke. Nikishakunywa chai naongeza kidogo.

Salma Mpambaji
Kidoti, kwa kaunta inakutosha kwa sababu kioo unacho karibu na unaongeza. Ila lipshaina hailindi rangi. Penseli ni nta na rangi, lipshaina ni mafuta, na mafuta yanailainisha ile nta. Kijiko kikipita kinaondoka na vyote.

Mama Nasra, hilo duara linatokana na sehemu ya ndani ya mdomo. Pale pana mate muda wote, na kijiko, glasi na ulimi vinapita palepale. Pembeni hapaguswi, kwa hiyo penseli inabaki. Ukichora pembeni peke yake ukajaza katikati kwa lipstiki ya kawaida, duara utalipata tu, hata ununue lipstiki ya bei gani.

Bibi harusi wangu nampaka hivi. Nikianza macho, nampaka mafuta ya mdomo yalainishe magamba. Nikifika mdomoni nayafuta yote kwa tishu yenye maji kidogo, kisha namkausha. Yakibaki mafuta, tinti haishiki, inateleza na kukaa madoadoa. Kisha namwambia abinue mdomo wa chini, nakausha na ule upande wa ndani, maana watu wengi wanauruka. Napaka tinti mkono mmoja mwembamba, anaacha mdomo wazi kidogo mpaka usinate, narudia wa pili. Hiyo ndiyo rangi itakayobaki baada ya pilau.

Juu yake ndiyo penseli, ya rangi inayokaribiana na tinti. Nachora ukingo, halafu najaza mdomo mzima kwa penseli hiyohiyo. Anabana tishu, naweka tishu moja nyembamba juu ya mdomo na kupitisha poda kwa brashi juu ya tishu. Basi. Nta ikiondoka kwenye chakula, chini yake kuna tinti ya rangi ileile, duara halionekani.

Zuu wa Maskati
Mimi natumia tinti ya kubandua, ile inayokauka kama gundi. Naipaka nene, naiacha kama robo saa, naibandua. Kahawa na tende haviigusi kabisa. Lakini nilinunua ya kahawia, na jioni ikawa waridi! Nimebadilisha aina na bado ni vilevile. Kuna aliyepata ya kahawia inayobaki kahawia?

Salma Mpambaji
Zuu, hiyo kahawia imechanganywa rangi kadhaa, na haziondoki kwa kasi moja. Zile za waridi na nyekundu ndizo zinazong'ang'ania ngozi, nyingine zinatangulia kutoka. Ndiyo maana kwa tinti napenda damu ya mzee na nyekundu iliyokolea, zikififia zinabaki kwenye ukoo wake. Kahawia inayobaki kahawia usiku kucha mimi bado sijaipata. Naiachia penseli kazi hiyo.

Baba Tatu
Samahani dada Salma, mimi mwanaume. Mdomo wangu wa juu ni mweusi, wa chini mwekundu. Hiyo tinti nikitumia wiki mbili weusi utatoka?

Salma Mpambaji
Kaka, haitoi weusi. Inaongeza rangi juu ya ile uliyo nayo, na ngozi ya juu ikichakaa inaondoka nayo. Mdomo wa rangi mbili ni wa kawaida kabisa kwetu. Ila Mama Nasra, kama na wewe uko hivyo, zingatia: tinti inaonyesha kilicho chini yake. Mdomo wa juu utatoka umekolea zaidi. Mkono mmoja juu, miwili chini, rangi zinakutana.

Bint Mvita
Mnajisumbua. Kama kazi ni kuingiza rangi kwenye ngozi, si bora hina? Huku Mombasa hina inakaa mkononi siku na siku. Na kuna wanaoongeza piko ili ikolee.

Nesi Upendo
Bint Mvita, kwamba zote zinaingiza rangi kwenye ngozi umesema sawa. Ila hina inataka ikae saa kadhaa, na inatoa rangi ya machungwa. Piko msithubutu, nawaomba sana. Piko nyingi zina dawa ileile ya kutia nywele weusi, na ngozi ikiikataa inavimba na kutoa malengelenge, tena mdomoni! Na ukishapata mzio wake, hata rangi ya nywele utashindwa kutumia baadaye. Aliyewahi kuwashwa na rangi ya nywele asiikaribie kabisa.

Kidoti
Na lipstiki ya maji ya mati je? Hiyo si inaganda, haitoki hata kwenye kikombe.

Salma Mpambaji
Kwenye kikombe ni kweli haitoki. Adui yake ni mafuta ya chakula. Fanya jaribio mkononi: chora mistari mitatu, tinti, penseli na lipstiki ya maji. Zikikauka, dondoshea mafuta ya kupikia, sugua kwa kidole. Penseli itasambaa, lipstiki ya maji itamumunyuka na kutoa vipande, tinti itabaki palepale. Kwa keki na soda, ya maji ni nzuri. Kwa pilau, sikushauri.

Kidoti
Hapo hatukubaliani. Mimi nimekula chipsi mayai nayo, na uma, ikabaki.

Mama Nasra
Jamani nimerudi. Jumamosi nimefanya alivyosema dada Salma, nikala pilau makusudi, kuku nimeshika kwa mkono, na soda juu. Duara hakuna! Katikati imefifia kidogo, ila ni rangi ileile. Tatizo jipya: mdomo umekauka mpaka unavuta, nikawa naulamba kila saa. Naweza kupaka mafuta juu?

Salma Mpambaji
Kabla ya kula usipake, utaitoa penseli. Na usiulambe, mate yanaukausha zaidi. Chakula kikiisha, bonyeza tishu kavu mdomoni kwanza utoe mafuta ya pilau, usisugue. Kisha gusia tinti katikati tu kwa kijiti cha pamba, ikikauka ndipo uweke mafuta ya mdomo kidogo sana, katikati, usifike ukingoni. Siku ya harusi beba tishu, tinti na vijiti viwili vitatu. Penseli iache nyumbani, hutaihitaji.

Zuu wa Maskati
Na krimu ya keki? Siku ya kulishana wanampaka mtu mpaka puani.

Salma Mpambaji
Hiyo mwambieni bwana harusi akate kipande kidogo, na bibi harusi apokee kwa meno. Matroni akae na tishu mkononi.

Mama Nasra
Nitamwambia leo hii hii.