Naomba ushauri: bayeri amepandisha kodi, nataka kutoka kwa amani

Ndugu zangu, napanga Kadutu, hapa Bukavu, mwaka wa nne sasa. Bayeri wetu ni mzee wa heshima, watoto wangu wanamwita babu. Mkataba ukiisha mwisho wa Novemba anataka kodi itoke dola 80 ifike 120. Siwezi.

Garanti yangu ya miezi mitatu, dola 240, iko kwake. Nafikiri nimwone kwanza uso kwa uso, kisha nimpe barua nakala mbili, asaini moja, yenye tarehe ya kutoka na siku ya kukagua nyumba pamoja.

Au nimwombe tukate miezi ya mwisho kwenye garanti? Jirani alikata bila kuuliza, wakagombana juu ya kioo kilichovunjika. Ninyi mlifanyaje?