Rumba zinanituliza, katikati ya wimbo zinanivuruga. Nisikilize nini kwenye Haisi?

BintiMbalizi: Habari za jioni wakuu. Niko Mbeya, nafanya kazi Uyole, naishi Mbalizi. Jioni malori ya Tunduma yakishajipanga, kuanzia Mafiati hadi Iyunga ni kusogea na kusimama, kiwiko cha jirani kiko mbavuni mwangu. Ila ndio muda pekee ambao hakuna anayeniita, sitaki upotee. Nimejaza kwenye simu rumba za Mlimani Park za miaka ya 1980, alizozipenda baba. Mwanzoni natulia kabisa. Wimbo ukifika katikati nashtukia nimekunja ngumi. Shida ni nyimbo au ni mimi?

Kijana wa Soweto: Chagua za taratibu dada, na ongeza sauti mpaka usimsikie konda.

Mzee wa Magitaa: Taratibu, sawa. Sauti, hapana. Muungurumo wa injini unameza besi, ndiyo maana mkono unakimbilia kuongeza. Tafuta spika za masikioni zenye vimpira vinavyoziba tundu vizuri, utaweza kushusha. Jirani akiusikia wimbo wako, umezidisha.

Binti yangu, si wewe. Wimbo wa dansi mara nyingi una vipande viwili. Kwanza waimbaji wanasimulia polepole, kisha magitaa yanashika usukani na dramu inakaza. Hilo ndilo chemko, la kuinua watu vitini ukumbini, na wewe hapo huwezi hata kunyoosha mguu. Hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha mara 4. Wimbo mmoja nilionao unaanza na mapigo 22, yaani 88 kwa dakika. Kwenye chemko nikahesabu 32, yaani 128.

Usizifute. Tengeneza nakala, kata pale chemko linapoingia, na sekunde 10 za mwisho zififie polepole, maana ukimya wa ghafla nao unashtua. Kisha anza na wenye 90 hivi, ufuate wa 80, umalizie na 65. Ukianza na wa polepole mno moyo bado unakimbia, utauona unakuchosha tu. Mwisho mimi naweka ilimba ya Kigogo, ile ala ya kupigwa kwa vidole gumba, isiyo na maneno.

Dereva Ipogolo: Mimi naendesha daladala hapa Iringa. Mkitaka nipige nyimbo za kutuliza nitasinzia kwenye usukani!

BintiMbalizi: Kaka, naongelea simu yangu, redio ya gari ni yako.

Mzee, shikamoo. Nimekata tatu. Jana nimefika Iyunga mikono iko wazi mapajani. Ila maneno yote nayajua, nikawa naimba kimoyomoyo, baba akanijia mpaka machozi. Huko ndiko kutulia?

Mzee wa Magitaa: Marahaba. Hapo sina jibu. Mke wangu maneno anayoyajua humpumzisha, mimi hunirudisha mbali. Kesho jaribu ilimba peke yake, utuambie.

BintiMbalizi: Ndaga fijo. Kesho naanza nayo kuanzia Mafiati.