MREJESHO: Kunde za zamani nilizozipima kwenye tishu

Swali langu lilikuwa: "Nina kunde za msimu wa juzi, zimekaa kwenye kiroba huku Nachingwea, nipande au nipike?"

Wakuu nimerudi. Nilichota kunde juu, katikati na chini ya kiroba, nikachanganya, nikahesabu 50 bila kuchagua nzuri nzuri, maana ukichagua unajidanganya mwenyewe. Nikazipanga kumi kumi kwenye tishu iliyolowa, ila ukiibana isichuruzike, maji yakizidi mbegu inakosa hewa inaoza halafu unasema imekufa kumbe umeizamisha. Nikaviringisha, nikatia kwenye mfuko wa nailoni bila kufunga kabisa, nikaweka kivulini ndani, na kila siku nachungulia kama tishu imekauka.

Kufikia siku ya tano, zilizoota nzima zilikuwa 31, yaani mzizi umeshuka na kichipukizi kimenyooka. Nyingine zilikuwa na ukungu na ukizibonyeza zinatoka uji, hizo basi tena. Zilizonichanganya ni zile zenye tundu la fukusi, zimetoa kamzizi lakini juu hamna kitu, kaliwa kiini, nazo sikuzihesabu.

Hiyo ni asilimia 62. Nitapanda, ila badala ya mbili kwa shimo naweka tatu, na zenye matundu natoa kwanza. Shambani zinaweza zikatoka pungufu ya hapo, kwenye tishu hamna jua wala udongo mgumu, kwa hiyo nimebakiza kidogo za kurudishia. Ingekuwa chini ya nusu ningezipika zote na nazi.