Kuandika yaliyonisibu kila usiku kunanizidishia, niendelee au niache?

Daftari Jeusi
Wakuu, salaam. Mimi na mke wangu tumetengana, na yeye ndiye aliyeondoka. Rafiki yangu mmoja, mtu wa kusomasoma, akaniambia ninunue daftari niandike kila kilicho moyoni kabla ya kulala, eti tafiti zinaonyesha inasaidia. Sasa ni wiki kadhaa naandika. Nikilifunga daftari nina hasira kuliko nilipolifungua, na usingizi ndio unapaa kabisa. Karibu kila ukurasa unaanza na swali lilelile: "Kwa nini hakuniambia mapema?" Kisha nachambua mazungumzo yetu ya mwisho neno kwa neno, nani alisema nini, alimaanisha nini. Ni kawaida kuumia hivi mwanzoni, au kitu hiki hakinifai?

Chuma cha Moto
Pole sana mkuu, ila usiache. Yule profesa aliyeanzisha haya mambo, Pennebaker, pamoja na mwenzake Beall, walitoa utafiti wao mwaka 1986. Wanafunzi wa chuo waliandika dakika 15 kwa siku 4 mfululizo kuhusu jambo zito lililowapata. Walitoka chumbani na huzuni zaidi, hata presha ilipanda kidogo. Lakini miezi iliyofuata walioandika hivyo walikwenda kliniki ya chuo mara chache kuliko walioandika mambo ya kawaida tu. Kwa hiyo ukiumia ujue inafanya kazi. Andika mpaka yaishe.

Mama Wawili
Kaka, nakusihi usimtumie huyo mwanamke hayo maandishi! Shemeji yangu alituma kurasa nzima usiku wa manane, zikasomwa na ukoo mzima.

Daftari Jeusi
Hapana dada, simtumii mtu. Ni yangu peke yangu.

Mama Wawili
Haya, hapo sawa. Nilishtuka.

Kazi Ipo
Mimi ilinisaidia sana nilipopunguzwa kazini. Nilikuwa na hasira, nikienda kwenye usaili namsema bosi wa zamani badala ya kujieleza mimi. Nikaandika siku chache, nikamaliza, nikasonga mbele. Baadaye nikaja kujua kuna utafiti wa mwaka 1994 wa wataalamu walioachishwa kazi, na walioandika kuhusu kuachishwa kwao walipata ajira mapema kuliko wenzao. Jaribu kuandika mipango yako ya mbele.

Mchana Kweupe
Nimefanya kazi ya ushauri nasaha miaka mingi, na suala hili tumelijadili sana sisi wenyewe. Chuma amesema kweli nusu. Maumivu ya siku zile za kuandika ni ya kawaida. Lakini wale wanafunzi waliandika siku 4 wakaacha. Hakuna aliyewaambia waandike kila usiku mpaka yaishe. Ukiona wiki zinapita na bado unatoka hapo umevurugika, huwezi tena kuita hiyo gharama ya mwanzo.

Kingine, katika utafiti ule baadhi walimwaga hisia tu, wengine walieleza tukio tu, na wengine waliunganisha tukio na walivyohisi. Nafuu ya afya ilionekana hasa kwa hao waliounganisha. Kumwaga peke yake hakukutosha.

Sasa tuje kwako, maana kuna utafiti unaokugusa moja kwa moja. Mwaka 2013 David Sbarra na wenzake walichukua watu wazima 90 waliotengana na wenzi wao karibuni. Baadhi waliandika hisia zao za ndani kabisa kuhusu kutengana, wengine waliandika kama hadithi yenye mwanzo, kati na mwisho, na wengine waliambiwa waandike mambo makavu tu, namna walivyotumia siku yao, bila hisia. Dakika 20 kwa siku 3. Miezi kadhaa baadaye, wale waliokuwa wakihangaika kutafuta maana ya kilichotokea, halafu wakapewa kuandika hisia, ndio waliokuwa na hali mbaya zaidi. Wenye tabia ileile waliopewa mambo makavu ndio waliokuwa na nafuu kubwa. Hata ile ya hadithi haikuwaokoa.

Sababu inaeleweka ukiwajua watu wa namna hiyo. Anayeficha jambo, kalamu inamfungulia mlango. Lakini anayeliwaza mchana kutwa hana cha kufungua. Kalamu inampa tu muda zaidi wa kulitafuna, tena kwa utulivu na umakini.

Fanya hivi. Chukua ukurasa wa kwanza kabisa na wa jana, uweke kando kwa kando. Je, wa jana una jambo ambalo hukulijua mwanzoni? Kuna mahali umeandika "sasa naelewa" au "kwa sababu", kisha ukatoa sababu ambayo si lawama? Au ni swali lilelile lenye hati mbaya zaidi?

Daftari Jeusi
Nimefanya sasa hivi. Wa kwanza na wa jana vinafanana mpaka aibu. Tofauti ni kwamba wa jana nimeongeza alivyoshika mkoba wake mlangoni, nikajiuliza kama alikuwa ameshaamua hata kabla hatujaanza kugombana.

Mchana Kweupe
Hilo la mkoba ndilo ninalolisema. Ni ushahidi mpya kwa kesi ileile, si ufahamu mpya. Ningekuwa wewe ningesimamisha. Kama mkono unataka kuandika, andika makavu, tena mchana: umeamka saa ngapi, umekwenda wapi, umeongea na nani, kesho kuna nini. Likijitokeza lile swali, funga daftari ufanye kazi ya mikono. Usingizi ukiendelea kukosekana, au ukaanza kuona maisha hayana haja, hapo daftari lolote halitoshi. Nenda kwa mtaalamu ana kwa ana, usingoje.

Chuma cha Moto
Watu 90 ni wachache, mkuu. Tafiti zinazosema inasaidia ziko nyingi mno.

Mchana Kweupe
Nyingi ni kweli. Mwaka 2006 Frattaroli alikusanya tafiti 146, na kwa wastani faida ipo, ila ni ndogo. Wastani mdogo unaweza kuwa na waliofaidika sana na walioumia ndani yake. Ule wa 2013 peke yake haufungi mjadala, nakubali. Lakini huyu bwana ana dalili zake mwenyewe mkononi, hatumwongozi kwa wastani.

Mama Wawili
Na mume wangu ambaye hasemi kitu kabisa tangu afiwe? Si yeye ndiye anayefaa kuandika, kwa kuwa anaficha?

Mchana Kweupe
Usimlazimishe, dada. Kuficha jambo moja na kutozoea kabisa kuonyesha hisia ni vitu viwili. Mwaka 2014 Niles na wenzake waliona waliozoea kuonyesha hisia walipungukiwa na wasiwasi baada ya kuandika, na wasiozoea wakaongezewa. Na kwa wafiwa kwa ujumla, matokeo ya kuandika hayajanishawishi. Kaa naye tu, atasema akitaka.

Kazi Ipo
Halafu hayo yaliyokwisha kuandikwa ayafanyeje? Mimi yangu niliyachoma.

Chuma cha Moto
Usichome. Siku moja utataka kuona ulikotoka.

Mchana Kweupe
Hapo sina jibu moja. Kwa mtu anayeyarudia kichwani, mimi ningempa mtu mwingine amtunzie, yasiwe karibu na kitanda.

Daftari Jeusi
Nitampa huyohuyo rafiki aliyenishauri, kwenye bahasha iliyofungwa. Naanza makavu kesho mchana. Ila kuna jambo bado linanisumbua: kama nikiacha kulitafuta hilo jibu, si nitaishi bila kulijua?

Mama Wawili
Huenda, kaka. Wapo wengi wanaishi hivyo.